Kumkaribisha mtoa mada kwa dakika moja na nusu: mwongozo kwa mshereheshaji wa shughuli ndogo

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuongoza mahafali ya shule moja ndogo. Mtoa mada alikuwa muuguzi mstaafu. Siku mbili kabla nilimpigia simu, tukaongea vizuri, akanisimulia jinsi alivyomzalisha mama mmoja usiku wa mvua ndani ya daladala iliyokwama kwenye tope. Kisa kilinisisimua sana. Siku ya shughuli nikakisimulia chote mbele ya watu, tena kwa madoido, na ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Yule mama alipofika kwenye kipaza sauti alikuwa na karatasi mkononi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua, akaitazama, akaikunja tena. “Mshereheshaji ameshanisemea,” akasema kwa upole, kisha akaanza kutafuta pengine pa kuanzia. Ilimchukua dakika kama 5 kupata mwendo wake, na alikuwa amepewa 20 tu.

Siku ile nilijifunza kwamba utambulisho unaweza kupendwa na watu na bado ukawa umemwibia mgeni. Tangu hapo ninapima utambulisho wangu kwa kitu kimoja: sentensi ya kwanza ya mgeni. Akianza moja kwa moja na jambo lake, nimefanya kazi. Akianza kwa kunisahihisha, kujieleza upya, kujitetea au kuwatuliza watu, nimemharibia.

Hapa ninazungumzia shughuli ndogo, yenye watu kati ya 30 na 80: mkutano wa kikundi, mahafali ya chekechea, semina ya msikitini au kanisani, kikao cha wazazi. Harusi na hafla za serikali zina taratibu zake nyingine. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Ni kikundi cha VICOBA hapa Morogoro, wanachama 30, waliokutana chini ya turubai kuvunja mzunguko wa mwaka na kugawana. Walikuja na wenza wao na majirani, wakafika watu kama 60. Kamati ilimwalika daktari wa mifugo azungumzie ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo, kwa sababu wanachama wengi walikuwa wamekopa kwa ajili ya kuku. Jina lake halisi nalihifadhi, nitamwita Daktari Fulani.

Kwanza, jua ni nani anayemkaribisha

Swali hili huonekana dogo mpaka siku linapokuumbua. Mgeni rasmi na mtoa mada si mtu mmoja, hata kama kwenye kadi ya mwaliko wote wameandikwa “mgeni”. Mgeni rasmi, au mgeni wa heshima kama wanavyosema Kenya, ana itifaki yake. Kwa kawaida anakaribishwa na mwenyeji mwenyewe, yaani mwenyekiti wa kikundi, mwalimu mkuu au mzee wa kanisa, na wewe mshereheshaji unamkabidhi mwenyeji kipaza sauti tu. Mtoa mada amekuja kufundisha au kushuhudia jambo, na huyu ndiye anayeangukia mikononi mwako.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, muulize mwenyekiti waziwazi: “Daktari utamkaribisha wewe au mimi?” Usiridhike na jibu la “tutaona”. Nimeona zaidi ya mara moja mshereheshaji akimtambulisha mgeni vizuri kabisa, kisha mwenyekiti akanyanyuka kumtambulisha tena kwa maneno yaleyale, huku mgeni amesimama katikati hajui arudi kukaa au asogee mbele. Mwenyekiti akitaka kazi hiyo, mwachie kwa moyo mweupe. Sentensi yako inakuwa moja tu: “Sasa namkaribisha mwenyekiti wetu atuletee mtoa mada.” Kisha unakaa kimya.

Kwenye mfano wetu mwenyekiti alisema, “Wewe mlete, mimi nitamshukuru mwishoni.” Huo ni mgawanyo mzuri. Kila mmoja ana zamu yake, na mgeni anaonekana ameheshimiwa na wenyeji wote wawili.

Kama shughuli ina mgeni rasmi na mtoa mada kwa pamoja, angalia pia usimpambe mtoa mada kuliko mgeni rasmi. Mwenyekiti wa mtaa aliyetajwa kwa sentensi moja, akifuatiwa na daktari aliyesifiwa dakika tatu, ataondoka na kinyongo, na kinyongo hicho kitamwangukia aliyekualika.

Simu ya dakika 10

Mpigie mgeni siku mbili au tatu kabla. Wiki nzima kabla ni mapema mno, bado hajafikiria atakachosema. Asubuhi ya shughuli umechelewa. Ujumbe wa maandishi hautoshi, kwa sababu kuna jambo ambalo lazima ulisikie kwa masikio: jina lake.

Mwombe alitamke, nawe ulirudie mpaka aseme “hapo sawa”. Majina yetu yana mitego. Mng'ong'o ukiukosa ule ung'ong'o wa ng' unakuwa umemtaja mtu mwingine. Rwegasira kwa Mhaya si Lwegasila. Nikishalisikia ninaliandika kwa silabi kwenye karatasi yangu, Rwe-ga-si-ra, hata kama ninaona nimelishika. Mbele za watu 60 ulimi huteleza kwenye jina ulilolisema vizuri mara kumi ukiwa bafuni.

Baada ya jina, uliza cheo. Usikisie. Kwenye sekta ya afya daktari, tabibu na muuguzi ni watu watatu tofauti. Kwenye mifugo kuna daktari wa mifugo na kuna afisa mifugo. Ukimpandisha mtu cheo unamweka kwenye aibu, maana itabidi akane mbele ya watu, na ukimshusha ndiyo usiseme. Mimi huuliza hivi: “Daktari, ungependa nikutaje vipi siku hiyo?” Wapo watakaosema, “Niite Mwalimu tu, ndivyo wanavyonijua huko.” Pwani utakutana na anayetaka Maalimu, na kwingine mtu mzima wa miaka 70 atataka Mzee Fulani, ingawa ana shahada tatu. Chukua atakachochagua yeye.

Halafu kuna maswali matatu ambayo mimi siyaachi. La kwanza: “Ukimaliza, ungependa watu waondoke wakijua au wakifanya nini?” Jibu la hili ndilo litakaloendesha utambulisho wako wote. La pili: “Utaanzaje?” Linauliza wazi kile ambacho mimi nilimwibia yule muuguzi. Akikwambia ataanza na kisa cha kuku wake 40 waliokufa ndani ya siku nne, kisa hicho ni haramu kwako, usikiguse hata kwa kukidokeza. La tatu: “Kuna jambo ambalo hungependa nilitaje?” Hapa mtu hukwambia kwamba ameacha kazi ile iliyoandikwa kwenye wasifu wake, au kwamba amefiwa karibuni na hataki pole za hadharani. Mambo hayo hayamo kwenye karatasi yoyote.

Malizia kwa kumweleza hali ya mahali: watu wangapi, wengi ni nani, kuna kipaza sauti au hakuna, ana dakika ngapi, na maswali yatakuwepo au la. Daktari wetu aliposikia kwamba wengi wa wasikilizaji ni akina mama wanaofuga kuku 10 au 20 nyuma ya nyumba, alibadilisha mada yake palepale. Alikuwa ameandaa mambo ya mabanda ya kuku 500.

Kutoka kwenye wasifu mpaka kwenye karatasi yako

Wasifu aliotuma daktari ulikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Ulikuwa na shahada, mwaka wa kuhitimu, warsha sita, kamati nne, na mistari miwili kuhusu familia. Mshereheshaji mgeni kwenye kazi huuchukua na kuusoma wote. Msikilizaji aliyekaa kwenye kiti cha plastiki saa saba mchana, mtoto mapajani, huacha kusikiliza kwenye warsha ya pili.

Anza na muda. Mimi nikizungumza kwa utulivu kwenye kipaza sauti, napata kama maneno 100 kwa dakika, kwa sababu maneno ya Kiswahili ni marefu na spika za turubai zina mwangwi. Dakika moja na nusu ni kama maneno 150. Hapo ondoa muda wa watu kucheka au kunyoosha mikono, unabaki na maneno 110 hivi. Jipime mwenyewe kwa saa ya simu, usichukue kipimo changu kama sheria.

Maneno hayo 110 yajibu maswali matatu, kwa mpangilio huu: jambo gani, kwa nini sisi, na kwa nini yeye. Watu wengi huanza na “kwa nini yeye”, na hapo ndipo joto linapopotea. Mwanakikundi hana sababu ya kujali shahada ya mtu kabla hajajua huyo mtu amekuja kumsaidia nini. Akishakumbushwa kuku wake waliokufa, ndipo atataka kujua kama huyu aliyeletwa anajua anachokisema.

Rasimu yangu ya kwanza ya “kwa nini sisi” ilikuwa hivi: “Ufugaji wa kuku ni muhimu sana kwa uchumi wa kaya.” Niliifuta. Sentensi hiyo ingeweza kusemwa popote, mbele ya yeyote. Nikampigia katibu, nikamwuliza ni wanachama wangapi walikopa kwa ajili ya kuku mwaka huu. Akafungua daftari, akahesabu: 12. Na akaongeza, bila kuulizwa, kwamba kuna wanaorejesha mkopo wa kuku ambao hawapo tena. Hapo nilijua nimepata kiini. Simu moja kwa katibu ina thamani kuliko wasifu wote.

Kwa upande wa “kwa nini yeye”, nilichukua mambo mawili tu kutoka ukurasa mmoja na nusu, nikaongeza la tatu. Amesoma hapa hapa Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na watu wa Morogoro wanakiona chuo hicho kama chao. Amefanya kazi ya kuzungukia wafugaji kwa miaka 19. Na yeye mwenyewe anafuga kuku wa kienyeji, jambo ambalo halikuwa kwenye wasifu, nililipata kwenye simu. Hilo la tatu ndilo lililobeba uzito kuliko mengine, kwa sababu linamtoa kwenye daraja la mtaalamu na kumketisha pamoja na wafugaji. Nilimwomba ruhusa ya kulitaja, akakubali, ila kile kisa cha kuku 40 kikabaki chake.

Utambulisho wenyewe ulitoka hivi:

“Ndugu zangu, naomba anyooshe mkono yeyote ambaye kuku wake walikufa kwa kideri mwaka huu.”

Nikasubiri. Mikono ilianza mitano, ikawa ishirini na kitu. Watu waligeuka kutazamana.

“Asanteni, shusheni. Katika kikundi chetu wanachama kumi na wawili walikopa mwaka huu kwa ajili ya kuku, na wapo wanaorejesha mkopo wa kuku ambao hawapo tena bandani. Ndiyo maana kamati yetu ikatafuta mtu wa kutufundisha kuchanja wenyewe, nyumbani kwetu, kwa gharama tunayoimudu. Mgeni wetu ni daktari wa mifugo. Amesoma hapa hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Sokoine, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa akipita banda kwa banda kwa wafugaji wadogo kama sisi. Tena na yeye ni mfugaji wa kuku wa kienyeji, kwa hiyo hasara ya kideri anaijua kwa mfuko wake. Atazungumza nasi dakika ishirini, kisha tutauliza maswali. Tumpokee kwa makofi: Daktari Fulani!”

Angalia nilichokiacha. Ninajua, kama wafugaji wengi wanavyojua, kwamba chanjo ya kideri ya matone hudondoshwa tone moja kwenye jicho la kuku na kurudiwa kila baada ya miezi 3. Sikusema. Kulisema kungenifanya nionekane najua, na kungemfanya daktari arudie jambo ambalo watu wamelisikia dakika moja iliyopita kutoka kwa mtu asiye daktari. Mada ni yake. Wewe unaonyesha shida tu, majibu anayo yeye.

Angalia pia jina limekaa wapi. Limekaa mwisho kabisa, na baada yake hakuna neno. Jina ndilo linalowaambia watu wapige makofi, na ndilo linalomwambia mgeni ainuke. Ukisema jina kisha ukaongeza “ambaye kama nilivyosema ni mtaalamu wa muda mrefu”, makofi yanaanza, yanakatika, na mgeni ananyanyuka nusu kisha anakaa tena. Kwenye shughuli ndogo si lazima ufanye jina kuwa siri hapo kabla. Kila mtu anamwona amekaa pale, na pengine alishatajwa wakati wa kutambulisha wageni wa meza kuu. Lakini hata kama limeshatajwa asubuhi, lirudie hapa mwisho, polepole, kwa sauti iliyopanda kidogo.

Ukishapata maandishi, yahamishe kwenye karatasi ngumu yenye ukubwa wa nusu ya karatasi ya kawaida, kwa herufi kubwa. Sipendi kusoma kwenye simu. Juani kioo hakisomeki, skrini hujizima katikati ya sentensi, na wakati mwingine mtu anapiga. Zaidi ya hapo, mgeni akikuona umeinamia simu hawezi kujua kama unamtambulisha au unajibu ujumbe. Sentensi ya kwanza na ya mwisho zishike kichwani, ili uzitamke ukiwatazama watu. Za katikati unaweza kuchungulia.

Maneno yanayokula muda na yanayouma

“Bila kupoteza muda” hupoteza muda. “Mtu ambaye hahitaji kutambulishwa” hufuatwa na utambulisho mrefu kuliko wote. “Itifaki imezingatiwa” ni neno zuri, linakuokoa usisome orodha ya waheshimiwa, lakini lisemwe mara moja mwanzoni mwa shughuli na si kila unaposhika kipaza sauti. Salamu vivyo hivyo. Kama ulishasema asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe na habari za mchana ulipofungua, hapa ingia moja kwa moja kwenye jambo. Mgeni atakuja na salamu zake, na akikuta wewe umezimaliza zote, zake zitapoa.

Kuna maneno ambayo yanasemwa kwa nia njema na yanamwumiza mgeni. Ukisema “ni mcheshi sana, mtacheka mpaka basi”, umempa mzigo, na watu watakaa wakisubiri kucheka badala ya kusikiliza. Ukisema “kutokana na ufinyu wa muda nitamwomba afupishe”, umemwambia mbele ya watu kwamba ni mzigo kwenye ratiba. Muda mweleze pembeni, faraghani, kabla hajasimama. Ukisema “tulimtarajia Profesa lakini hakupatikana, hivyo tumempata huyu”, hakuna makofi yatakayoliponya hilo.

Kwa mgeni mwanamke, acha habari za urembo wake na mavazi yake, na usimtaje kama mke wa fulani, hata kama mumewe ni maarufu kuliko wote waliopo. Amekuja kwa kazi yake. Mtaje kwa kazi yake.

Utani una mahali pake. Mimi ninaupenda, na ni moja ya mambo yanayofanya shughuli zetu ziwe na ladha. Kama wewe ni Mchaga na mgeni ni Mpare, watu wataungojea. Lakini uwe mtani kweli, mgeni awe anajua kwamba wewe ni mtani, na uwe wa sentensi moja. Utani wa kabila kwa mtu usiyemjua, tena mtu aliyekuzidi umri, si utani. Ukiwa na shaka, usalimie kwa heshima uendelee.

Kiti, kipaza sauti, makofi

Maandishi mazuri yanaweza kuharibiwa na hatua 15. Kama mgeni amekaa nyuma ya turubai, na wewe umemtaja, watu watapiga makofi kwa sekunde 7 au 8 kisha wataacha, na yeye atatembea kwenye ukimya uliobaki huku viti vikisogezwa kumpisha. Ukimya huo ni mzito sana kwa mtu anayekwenda kuzungumza. Dawa yake ni rahisi: kipindi kinachotangulia kikiwa kinaelekea ukingoni, mfuate mgeni kimya kimya, umhamishie kiti cha mbele pembeni. Mwambie kwa sauti ya chini, “Daktari, baada ya kwaya hii ni wewe.” Atapata nafasi ya kunywa maji, kutoa karatasi yake na kupumua.

Kipaza sauti kijaribu asubuhi pamoja na fundi mitambo, na umwombe fundi asishushe sauti wakati wa mabadilishano. Kama ni cha mkononi, kibaki kimewashwa unapokikabidhi, na ukikabidhi kwa mkono wa kulia, kitako kikimwelekea yeye. Usimwachie kazi ya kutafuta swichi mbele ya watu. Kama kiko kwenye stendi na mgeni ni mfupi kuliko wewe, ishushe wewe mwenyewe wakati makofi yanaendelea.

Ukishataja jina, anza wewe kupiga makofi, mbali na kipaza sauti ili spika zisipasuke. Usiondoke. Baki mahali pako mpaka mgeni afike, mtazame akija, tabasamu, ndipo umpishe. Mshereheshaji anayekimbia baada ya kutaja jina anamwachia mgeni uwanja mtupu. Kuhusu kupeana mikono, msubiri yeye aanze. Wapo wanawake na wanaume ambao kwa imani yao hawashikani mikono na wasio ndugu zao, na mkono wako ulionyooshwa hewani utawaaibisha nyote wawili. Ukiweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa kidogo, hutamkwaza mtu yeyote. Kama mgeni amekuzidi sana umri, na wewe ni wa kumwamkia, mwamkie shikamoo kwa sauti ya chini, nje ya kipaza sauti.

Kwa makofi ya mbwembwe, yale ya kilo na yale ya kuhesabu moja, mbili, tatu, nina mashaka. Kwenye shughuli ya vijana yanachangamsha. Lakini kuyaelekeza kunachukua nusu dakika, na mgeni anabaki amesimama akitabasamu bila kujua afanye nini. Yatumie baada ya hotuba, kama shukrani.

Mzee asiyeweza kutembea vizuri usimwite mbele. Mpelekee kipaza sauti alipo, na uwaombe watu wageuze viti. Dakika moja ya kelele za viti inavumilika.

Mambo yakienda kombo

Mgeni akichelewa, usiseme “tunamsubiri mgeni wetu ambaye bado hajafika”. Badilisha ratiba kimya kimya, sogeza taarifa ya mweka hazina mbele. Akifika, mpe dakika 5 za kukaa. Mtu aliyetoka juani akihema hawezi kukaribishwa papo hapo.

Akija mwingine badala yake, tafuta dakika mbili za kusimama naye pembeni, na umwulize mambo matatu: jina, cheo, na jambo moja analolijua kwa mikono yake kuhusu mada ya leo. Sehemu ya “jambo gani” na “kwa nini sisi” kwenye karatasi yako haibadiliki, maana ilihusu wasikilizaji. Unabadilisha mistari mitatu tu ya katikati na jina la mwisho. Hii ndiyo faida nyingine ya kuanza na wasikilizaji.

Na kama umekosea jina? Sahihisha mara moja, kwa maneno machache: “Niwie radhi, Daktari,” kisha jina sahihi, kisha makofi. Usieleze kwa nini umekosea. Kama hukugundua na yeye amejisahihisha mwenyewe, basi ukisimama kumshukuru litaje jina lake kwa usahihi, wazi, mara moja.

Akishamaliza

Kalamu iwe mkononi anapozungumza. Andika sentensi yake moja, moja tu, kwa maneno yake mwenyewe. Usiandike muhtasari. Hakuna kinachochosha kama mshereheshaji anayerudia hotuba yote kwa kifupi, na mara nyingi anaikosea.

Siku ile kwenye kikundi, daktari alianza hivi: “Mimi nilizika kuku 40 kwa siku nne.” Hakusema neno juu yangu wala juu ya wasifu wake. Akina mama walinyamaza kimya, mmoja akashusha sufuria aliyokuwa anaifuta. Akaeleza, akamshika kuku mmoja aliyeletwa kwenye tenga, akaonyesha jinsi ya kumbana mabawa kwa kwapa na kuinua kichwa chake jicho litazame juu. Alipomaliza nilisimama na karatasi yangu yenye mstari mmoja. Nikasema, “Daktari ametuambia tusingoje kuku wa jirani afe. Asante sana, Daktari.” Nikamkabidhi mwenyekiti kipaza sauti atoe shukrani za kikundi kama tulivyokubaliana, na maswali yakaanza kabla hajamaliza kuzitoa.